Ushahidi Unaposhikana: Swali la "Umejuaje?" Linaishia Wapi



Nianze na ukuta uliobomolewa. Kisa nimekitunga kwa ajili ya leo, kwa hiyo msihangaike kumtafuta mwenye ukuta. Daladala kumi hulala katika yadi moja, kila moja imepakwa namba ubavuni, kuanzia 1 hadi 10. Usiku gari mojawapo linatoka, linarudi nyuma vibaya, linaangusha ukuta wa jirani na kutokomea. Asubuhi anaitwa mjumbe wa mtaa. Konda mmoja anasema ni namba 7. Mjumbe anamuuliza: umejuaje? Nimeambiwa na mlinzi. Na mlinzi kajuaje? Kaliona kwa macho yake. Kwa umbali ule, usiku, kaliona vipi? Kulikuwa na taa ya nguzoni. Nani kasema taa ilikuwa inawaka?

Mjumbe mwenye busara atakoma hapo, maana ana shughuli nyingine. Mwanafalsafa hana sababu ya kukoma. Kila jibu analopewa ni dai jipya, na kila dai jipya linaweza kuulizwa lilelile la kwanza. Ikiwa sina haki ya kuamini jambo la kwanza mpaka niwe na haki ya kuamini la pili, na la pili linadai la tatu, haki yenyewe itatoka wapi? Huu ndio mrejeo usio na kikomo. Nadharia mbili kubwa ninazozizungumzia leo, ile ya misingi na ile ya mshikamano, zimezaliwa zote mbili katika jitihada ya kuukomesha.

Tatizo ni la kale. Aristotle alilikabili katika kitabu chake kuhusu uthibitisho, ambacho wasomi hukiita Uchambuzi wa Pili. Anawataja watu wa aina mbili. Wa kwanza wanasema kwa kuwa kila uthibitisho unadai uthibitisho mwingine nyuma yake, hakuna kijulikanacho. Wa pili wanasema kila kitu chaweza kuthibitishwa, kwa sababu mambo yanathibitishana kwa mzunguko: hili kwa lile, na lile kwa hili. Yeye anawakataa wote wawili. Si kila maarifa, anasema, yanapatikana kwa kuthibitisha. Yako mambo ya mwanzo ambayo huyajui kupitia jingine. Karne kadhaa baadaye Sextus Empiricus, tabibu aliyekuwa pia msemaji mkuu wa wenye kushuku, aliandika mbinu za kumbana mtu yeyote anayedai kujua, mbinu ambazo zinanasibishwa na mtu aitwaye Agrippa. Tatu kati yake zinatosha kwa leo. Ama utaendelea kutoa sababu bila mwisho, ama utarudi kwenye jambo ulilolitaja mwanzo, ama utasimama mahali na kusema "hapa ndipo basi" bila sababu. Mwenye kushuku anaiona milango yote mitatu imefungwa.

Wako leo wanaoutetea mlango wa kwanza, Peter Klein akiwa ndiye mashuhuri wao, na hawapaswi kudharauliwa. Lakini nitawapita. Ugomvi mzito uko katika milango miwili iliyobaki, na ulipamba moto kuliko wakati mwingine wowote huko Vienna, miaka ya 1930, kati ya watu wawili waliokuwa marafiki wa chuo kimoja cha fikra.

Moritz Schlick alikuwa profesa, mtu wa adabu na utulivu, ndiye aliyekuwa kiini cha kundi lililokuja kuitwa Mduara wa Vienna. Otto Neurath alikuwa kinyume chake: mtu wa miraba minne, msoshalisti, mwenye sauti kubwa, aliyeendesha jumba la makumbusho ambamo takwimu za uchumi zilioneshwa kwa picha ili mfanyakazi wa kawaida azielewe. Wote walikubaliana kwamba sayansi lazima isimame juu ya uzoefu. Walipogombana ni pale ilipobidi kusema kusimama huko kunakuwaje.

Mwaka 1932 Neurath alichapisha makala kuhusu sentensi za kumbukumbu, yaani zile sentensi za chini kabisa ambazo mwanasayansi anaandika alichokiona. Alitoa mfano ambao hadi leo huwachekesha wanafunzi, kwa kuwa aliweka jina lake mwenyewe ndani yake mara kadhaa: saa tisa na dakika 17 Otto anaandika kwamba saa tisa na dakika 16 Otto alikuwa akifikiri kwamba saa tisa na robo mlikuwa na meza chumbani, meza iliyoonwa na Otto. Mzaha una kazi yake. Neurath alitaka tuone kwamba hata sentensi ya chini kabisa ni sentensi kama nyingine. Ina mtu ndani yake, ina saa, ina madai kadhaa yanayoweza kuwa ya uongo. Huenda Otto alikuwa amelala. Huenda saa yake ilikuwa imesimama. Ikigongana na mambo mengine tunayoyakubali, tuna hiari: tuyabadili hayo mengine, au tuifute sentensi ya Otto. Kwake hakuna sentensi iliyo takatifu. Hatuwezi kutoka nje ya maneno yetu tukayalinganisha na dunia iliyo tupu. Tunalinganisha sentensi na sentensi. Ndipo akatoa mfano wake wa mabaharia wanaolazimika kuikarabati jahazi yao katikati ya bahari, bila kuwa na bandari ya kuipandisha. Ubao wowote waweza kubadilishwa, ila si mbao zote kwa mpigo.

Schlick alijibu mwaka 1934, na jibu lake lina sehemu mbili ambazo hazina uzito sawa.

Sehemu ya kwanza ni shambulio. Ikiwa kigezo pekee ni sentensi kushikana, basi hadithi iliyotungwa vizuri, isiyojipinga popote, itakuwa na haki sawa na kitabu cha fizikia. Mtu hodari wa kutunga anaweza kupanga ulimwengu mzima ambamo kila jambo linaafikiana na jingine. Ni kwa lipi utamwambia kwamba ulimwengu wake si huu? Neurath hakupata kulijibu hili vizuri, na kwa maoni yangu hakuna aliyelijibu vizuri bila kuingiza kimyakimya kitu kisichokuwa mshikamano.

Sehemu ya pili ni ujenzi, na hapo Schlick mwenyewe alianza kuteleza. Alisema uko msingi: kauli za papo kwa papo za mtu anayeona, za namna ya "hapa, sasa, njano". Kauli hizo, alisema, haziwezi kukosewa, kwa sababu kuelewa maana yake na kujua ukweli wake ni tendo moja. Lakini akakiri kwamba haziwezi kuandikwa. Ukishaiandika tu, ule wakati umepita, "sasa" imekuwa "wakati ule", na uhakika umeondoka. Alijipatia msingi imara kabisa, lakini msingi usioweza kubeba chochote. Nyumba hudumu miaka, wakati msingi wa Schlick ulidumu muda wa kupepesa jicho.

Hata hilo la kutokukosea lina doa. Mwaka 1942 Roderick Chisholm aliandika juu ya kuku mwenye madoadoa. Sisi tungemtaja kanga na tungeelewana upesi zaidi. Mwangalie kanga kwa nukta moja. Katika uoni wako mna madoa mengi. Ni mangapi? Kama kile kinachoonekana moja kwa moja hakiwezi kukosewa, ulipaswa kujua kama ni 48 au 49. Hujui. Uzoefu uko nao, wote, mbele yako, na bado unaweza kukosea kuueleza. Hivyo kuwa na uzoefu ni jambo moja, na kuwa na dai sahihi juu ya uzoefu huo ni jambo jingine, na kati ya mawili hayo pana mwanya.

Ugomvi wao haukufikia mwisho wa kitaaluma. Tarehe 22 Juni 1936 Schlick alipigwa risasi na mwanafunzi wake wa zamani kwenye ngazi za Chuo Kikuu cha Vienna, akafa. Neurath alikuwa ameshahamia Uholanzi, na Wajerumani walipoivamia nchi hiyo mwaka 1940 alikimbilia Uingereza kwa mashua ya uokoaji iliyojaa kupita kiasi. Aliyeandika juu ya mabaharia alitiwa majaribuni.

Mwanya ule wa kanga ndio uliopanuliwa na Wilfrid Sellars katika mihadhara aliyoitoa London mwaka 1956. Hoja yake naiweka kwa ufupi na kwa maneno yangu. Mwenye nadharia ya misingi anataka uzoefu ufanye kazi mbili: uunge mkono madai yetu, na wenyewe usihitaji kuungwa mkono. Sellars anauliza: huo uzoefu unasema kitu, au hausemi? Kama unasema kitu, kwa mfano kwamba mbele yangu pana gari lenye namba 7, basi huo ni usemi ambao unaweza kuwa wa uongo, na swali la "umejuaje?" linauhusu kama linavyouhusu usemi mwingine. Kama hausemi kitu, ni mguso tu kama jua kukuchoma mgongoni, basi hauwezi kuwa sababu ya kuamini hili badala ya lile. Jua halikupi hoja. Ama msingi haubebi, ama si msingi.

Baada ya hapo, kwa muda, watu wengi waliona heri kuhamia upande wa mshikamano. Aliyeujenga vizuri kuliko wote ni Laurence BonJour, katika kitabu alichokitoa mwaka 1985. Lazima tumtendee haki, maana nadharia yake haisemi kile ambacho wapinzani wake hupenda kuitwisha. Haisemi kwamba A inathibitishwa na B, na B inathibitishwa na A, kama ndugu wawili wanaodhaminiana benki. Inasema tumeielewa vibaya sura ya uhalali tangu mwanzo. Mrejeo unatutisha kwa sababu tunafikiri uhalali hutembea kwa mstari, kutoka dai moja hadi jingine. BonJour anasema uhalali ni mali ya mfumo mzima wa mambo tunayoyaamini: namna yanavyokosa mgongano, yanavyoelezana, yanavyotabiriana, kwa muda mrefu na huku taarifa mpya zikiingia kupitia macho na masikio. Dai moja linapata uhalali kwa kuwa na mahali katika mfumo wa aina hiyo. Swali la "umejuaje?" lina mwisho, basi, kwa kuwa baada ya kuonesha mahali pa dai katika mfumo hakuna hatua nyingine nyuma yake.

Kwa nini mshikamano utupe haki ya kuamini? Hapo BonJour alitumia hoja aliyoirithi kwa C. I. Lewis, aliyeiandika mwaka 1946, na hoja hiyo inahusu mashahidi. Lewis alisema: chukua mashahidi kadhaa, hakuna hata mmoja unayemwamini sana, kila mmoja akitoa habari bila kujua wenzake wamesema nini. Wote wakisema jambo lilelile, unaamini. Si kwa sababu ya sifa ya yeyote kati yao, bali kwa sababu kuafikiana huko kungekuwa muujiza kama habari si ya kweli. Lewis alikuwa mtu wa misingi, na alisisitiza kwamba kila shahidi lazima awe na chembe ya kuaminika peke yake. BonJour akasema Lewis hakuuona uzito wa mfano wake mwenyewe: hata hiyo chembe haihitajiki, mshikamano wenyewe unatosha.

Ni nani kati yao aliye sahihi? Hili si suala la ladha. Linaweza kuhesabiwa, na hesabu yake ni nyepesi, kwa hiyo turudi kwenye yadi.

Mjumbe ana magari kumi na hana sababu ya kulituhumu moja kuliko jingine. Uwezekano wa namba 7 kuwa ndilo ni 1 dhidi ya 9. Mashahidi wake ni wa ovyo: mmoja alikuwa anatoka kilabuni, mwingine alichungulia dirishani bila miwani, mwingine alisikia kishindo akageuka kwa kuchelewa. Tuseme kila mmoja anataja gari sahihi mara 2 katika 10, na katika mara 8 zilizobaki anakosea, makosa yake yakitawanyika sawasawa kwa magari tisa yasiyohusika. Shahidi wa namna hii hukosea mara nne zaidi kuliko anavyopatia. Hakuna mahakama itakayomtaka.

Sasa shahidi wa kwanza anasema: namba 7. Kama kweli ni 7, uwezekano wa yeye kusema hivyo ni asilimia 20. Kama ni gari jingine, uwezekano wa kosa lake kuangukia 7 hasa ni asilimia 80 ikigawanywa kwa 9, yaani karibu asilimia 8.9. Gawanya 20 kwa hiyo 8.9 na unapata 2.25. Kila shahidi wa aina hii anayesema 7 anauzidisha upande wa 7 mara 2.25. Tulianza na 1 dhidi ya 9. Baada ya shahidi mmoja ni 2.25 dhidi ya 9, yaani asilimia 20. Wa pili akisema 7 bila kusikia la mwenzake, tunafika asilimia 36. Wa tatu, karibu 56. Wa nne, 74. Wa tano, zaidi ya 86. Watu watano ambao mmoja mmoja hawafai kitu, wakiafikiana, wanampa mjumbe sababu nzito kuliko ambayo angepewa na shahidi mmoja anayepatia mara nane katika kumi. Hapa wenye nadharia ya mshikamano wana kila sababu ya kutabasamu.

Ila tubadili jambo moja tu. Tuseme mashahidi wanabahatisha, wanataja namba yoyote kama mtu anayechomoa karatasi kwenye kofia. Sasa kila mmoja atasema 7 kwa uwezekano wa asilimia 10, liwe ndilo au lisiwe. Gawanya 10 kwa 10: unapata 1. Kila shahidi anazidisha mara 1. Walete watano, walete hamsini, wote waseme 7 kwa sauti moja, nasi tumebaki palepale, asilimia 10. Tutashangaa, naam, maana sadfa ya namna hiyo ni adimu mno. Lakini sadfa hiyo ni adimu kwa kiasi kilekile kama gari lilikuwa 7 au kama lilikuwa 3, kwa hiyo haituelekezi popote. Na kama mashahidi ni wabaya kuliko wabahatishaji, tuseme wamehongwa na tajiri wa gari lililohusika, wanapatia mara 5 tu katika 100, kila sauti inayosema 7 inapunguza uwezekano wa 7. Hapo wakizidi kuafikiana ndivyo tunavyozidi kupotea.

Lewis alikuwa sahihi na BonJour alikosea. Mshikamano ni kama biashara: unazalisha kwa kasi ya ajabu, ila lazima uanze na mtaji, na sifuri hata ukiizungusha mwaka mzima ni sifuri. Erik Olsson aliandika kitabu kizima juu ya jambo hili mwaka 2005, akionesha kwa hesabu kali kuliko zangu kwamba kuafikiana kwa shuhuda hakuongezi uwezekano wa habari kuwa kweli kama shuhuda hazijitegemei, wala kama kila moja peke yake haina uzito wowote.

Mtetezi wa BonJour hajanyamaza. Atasema: mjumbe hajui kama mashahidi wanabahatisha au la, na wewe umempa ujuzi huo bure. Yeye anaona watu watano wanataja namba moja, na ni kuafikiana huko kunakomfundisha kwamba hawabahatishi. Hoja hii nimeipa muda mwingi kuliko nyingine, kwa sababu ina ukweli ndani yake. Ni kweli kuafikiana kunaweza kutufundisha kwamba mashahidi wanaona vizuri kuliko tulivyodhani. Lakini angalia kwa nini kunafundisha. Kunafundisha kwa yule tu ambaye tangu mwanzo aliacha nafasi, hata ndogo, kwamba huenda wanaona. Anayeshika kikamilifu kwamba wanabahatisha atahesabu sadfa na kurudi nyumbani. Na yule aliyeacha nafasi hiyo, asipoiwekea mkabala nafasi iliyo sawa nayo kwamba huenda wamekula njama ya kumpotosha, tayari shahidi wa kwanza peke yake ana uzito kwake unaozidi ule wa kubahatisha. Ule mtaji upo, ila umefichwa chini ya neno "sijui".

BonJour mwenyewe, jambo ambalo si la kawaida kwa watu wa fani yetu, aliiacha nadharia yake. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 alikuwa anatetea misingi.

Kuna elimu nyingine iliyolifikia jambo hili mapema sana, na wengi hapa pwani tumeisoma chuoni tukiwa watoto bila kuambiwa kwamba ni falsafa. Wanazuoni wa hadithi na wa usuli hutofautisha habari ya mapokezi ya mmoja mmoja na habari ya mutawatiri, ile iliyopokewa na watu wengi kiasi cha kutowezekana wote wawe wamepatana kusema uongo. Mutawatiri huleta yakini, hata kama hatumjui kila mpokezi. Kwa haraka utadhani huu ni mshikamano mtupu: wingi wa sauti zinazoafikiana. Lakini angalieni masharti waliyoyaweka. Wingi huo sharti uwepo katika kila tabaka la wapokezi, si la mwisho tu. Na mwanzo wa habari sharti uwe ni kitu kilichodirikiwa kwa hisi: tuliona, tulisikia. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, anayajadili masharti haya katika al-Mustasfa. Watu wa mji mzima wakiafikiana juu ya nadharia fulani kuhusu asili ya ulimwengu, kuafikiana kwao si tawatur, hata wawe maelfu kwa maelfu, kwa sababu hawakuiona, wameifikiria, na watu wanaofikiri kwa njia moja wanaweza kukosea kwa njia moja. Sharti la hisi ndilo mtaji wa Lewis. Sharti la kutopatana ndilo kujitegemea kwa Olsson. Wao hawakuwa wakishindana na wenye nadharia ya mshikamano. Walikuwa na kazi ya kuamua habari ipi ifuatwe, na kazi ikawapeleka palepale.

Je, basi tumerudi kwa Schlick? Hapana. Msingi unaohitajika hapa si ule wa uhakika usiotikisika. Ni shahidi anayepatia mara mbili katika kumi. Inatosha uzoefu wangu unipe sababu hafifu, inayoweza kuangushwa, ya kuamini kwamba niliona 7; mshikamano utafanya yaliyobaki. Neurath anapata haki yake: sentensi ya Otto inaweza kufutwa siku ikigongana na nyingine nyingi. Schlick naye anapata yake: kabla haijagongana na kitu, ilikuwa tayari na uzito fulani ambao haikuuazima kwa sentensi nyingine, na kwa sababu hiyo hadithi iliyotungwa haiwi sawa na kitabu cha fizikia, hata ikipangwa vizuri namna gani. Waandishi huiita misingi ya kiasi, na ndiyo ninayoishika.

Ina gharama, na nisiifiche. Sellars bado yuko mlangoni na swali lake. Nikisema kuona kwangu kunanipa sababu hafifu ya kuamini kwamba gari lilikuwa namba 7, ataniuliza: unajuaje kwamba macho yako hupatia zaidi ya kubahatisha? Nikijibu kwamba nimeyajaribu mara nyingi, nimeyajaribu kwa macho hayohayo. Hapo ndipo ninapomfuata William Alston, aliyeandika mwaka 1980 kwamba tunachanganya mambo mawili. Kuwa na haki ya kuamini ni jambo moja. Kuweza kuonesha kwamba unayo haki hiyo ni jingine. Mtoto wa miaka mitatu anayemwona mama yake akiingia ana haki ya kuamini kwamba mama amefika. Hawezi kutetea macho yake mbele ya Agrippa, na hakuna anayemdai afanye hivyo. Mrejeo unatisha pale tunapodai kwamba kila mwenye haki lazima kwanza awe na hati. Ondoa dai hilo, na jambo la mwanzo linaweza kuwa na uhalali bila kuwa na utetezi.

Mwenye kushuku atasema nimemkwepa, kwa kuwa yeye alikuwa anadai hati. Sawa. Kwa swali lake, la kuonesha kila kitu bila kutegemea chochote, sina jibu, na nina shaka kama ni swali ambalo lingeweza kuwa na jibu. Swali la mjumbe, la kama ana haki ya kumwendea tajiri wa namba 7 na kumdai ukuta, hilo lina jibu.

Lakini kabla hajaenda, kuna jambo moja analopaswa kulichunguza kuliko mengine, kwa kuwa hesabu yote imesimama juu yake. Tulisema mashahidi hawakusikilizana. Kama wanne kati ya watano walimsikia wa kwanza akisimulia kwenye kibanda cha mama lishe asubuhi, wanachomletea ni ushuhuda mmoja uliorudiwa, na ile asilimia 86 inaporomoka hadi 20. Kwa nje hali hizi mbili zinafanana kabisa: watu watano, namba moja. Atazitofautisha vipi?

Asiwaulize tena kuhusu namba. Kuafikiana kwao kwenye ukweli hakumwambii kitu, maana ukweli unaweza kuwafikia wote kila mmoja kwa njia yake. Awatenganishe, awaulize vitu vidogo visivyo na faida kwa yeyote: gari lilikuwa na konda mlangoni? Taa ya nyuma iliyokufa ilikuwa ya kulia au ya kushoto? Mashahidi waliojionea wenyewe watatofautiana hapa na pale, na tofauti hizo ndogo ni habari njema. Anachopaswa kukiogopa ni kosa la pamoja. Kama taa iliyokufa ya namba 7 ni ya kulia, na wote watano wanasema ya kushoto, basi wametokea kwa mtu mmoja, kwa kuwa kosa, tofauti na ukweli, halina sababu ya kumfikia kila mtu kwa njia yake. Wahariri wa miswada ya kale hutumia kanuni hiyohiyo kujua nakala ipi imenakiliwa kutoka nakala ipi: hawaangalii zinapopatia pamoja, wanaangalia zinapokosea pamoja.

Na ili kujua kwamba taa iliyokufa ni ya kulia, itambidi mjumbe ainuke, aende yadi, akaitazame.